Mstari wa mwisho ulipoa asubuhi: kisa cha mzunguko wa maji ya moto katika jengo la ghorofa tisa

Malalamiko yalitoka upande mmoja tu wa jengo. Wakazi wa upande ule walikuwa wakifungua bomba la maji ya moto asubuhi na kusubiri dakika nzima, wakati mwingine mbili, ndipo maji yapate uvuguvugu. Upande wa pili, karibu na chumba cha mitambo, maji yalitoka moto papo hapo. Nilipoitwa, jengo lilikuwa limeshafanyiwa lile jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya kwanza: pampu ya mzunguko ilikuwa imeng'olewa na kuwekwa kubwa zaidi. Malalamiko yalipungua kidogo, hayakwisha. Mwaka mmoja na ushee baadaye, elbo ya shaba kwenye bomba la marejeo ikatoboka ndani ya chumba cha mitambo.

Nieleze jengo lilivyo, maana hesabu yote inatokana na mpangilio wake. Tangi la maji ya moto liko chini, linatoa maji ya nyuzi 60. Bomba kuu linatembea chini ya dari ya orofa ya chini kwa mita 53, na njiani linatoa mistari sita inayopanda, ambayo nitaiita A hadi F; waliolalamika walikuwa wa F, ule wa mwisho. A iko mita 8 kutoka kwenye tangi, kisha kila mstari unafuata baada ya mita 9. Kila mstari unapanda mita 27 hadi ghorofa ya tisa, na kutoka pale juu bomba la marejeo linashuka sambamba nao mita 27 hadi chini, linaungana na bomba kuu la marejeo na kurudi kwenye pampu na tangi. Fundi wa kwanza alitumia shaba ya milimita 22 kwa marejeo yote, kuanzia ghorofa ya tisa hadi kwenye pampu. Ni rahisi kununua na ni rahisi kufunga. Kumbuka ukubwa huo, tutaurudia.

Kwenye chumba cha mitambo kulikuwa na kipimajoto kimoja cha marejeo, na kilisoma nyuzi 58 na nusu. Aliyeweka pampu mpya alikionyesha kama ushahidi kwamba mfumo uko sawa: maji yanatoka na 60, yanarudi na 58 na nusu, nini tena? Lakini kipimajoto kile kinasoma mchanganyiko wa mistari sita baada ya kukutana. Mstari mmoja wenye mtiririko mkubwa na maji ya moto unaweza kuuficha kabisa mstari wenye maji machache na ya baridi. Hakuna uchunguzi unaoweza kuanzia pale.

Kwa hiyo nilifunga vipimajoto sita vya kurekodi, kimoja chini ya kila bomba la marejeo kabla halijaungana na bomba kuu. Kila kihisi kilikazwa kwenye shaba iliyosuguliwa hadi ikang'aa, kisha kikafunikwa kwa kihami joto. Kihisi kikiachwa wazi kinasoma hewa nusu na bomba nusu. Niliviacha siku tatu. Kwenye bomba kuu nilipima mtiririko kwa mita ya mawimbi ya sauti inayofungwa nje ya bomba, ikatoa lita 2,400 kwa saa.

Kabla ya kutazama kumbukumbu zile nilifanya hesabu, na ningemshauri yeyote afuate utaratibu huo. Ukitazama vipimo kwanza utavitafutia sababu. Ukipiga hesabu kwanza, unajua vipimo vilipaswa kuwa vipi, na kile kisicholingana kinajitokeza chenyewe.

Pampu ya mzunguko haina kazi ya kuwapa watu maji. Mtu akifungua bomba, maji yanasukumwa na presha ya jengo, na bomba la kupanda limepimwa kwa ajili hiyo. Kazi ya pampu ya mzunguko ni moja: kupeleka joto la kufidia lile linalopotea kupitia kuta za mabomba wakati hakuna anayetumia maji. Kwa hiyo idadi ya vyumba, masinki na bafu haiingii kwenye hesabu yake. Kinachoingia ni urefu wa mabomba, unene wa kihami, na tofauti ya joto kati ya maji na hewa.

Mabomba ya jengo hili yalikuwa yamefunikwa vizuri. Kwa ukubwa na unene ule nilichukua wati 12 kwa kila mita ya bomba kuu la kwenda, 8 kwa bomba kuu la marejeo, 9 kwa bomba la kupanda na 7 kwa bomba la kushuka. Kila mstari wa wima basi unapoteza wati 432. Mita 53 za bomba kuu, kwenda na kurudi, zinapoteza wati 1,060. Jumla ya jengo ni wati 3,652. Bomba lisilofunikwa la ukubwa huohuo lingepoteza mara tatu au nne zaidi, na mita chache zilizoachwa uchi ndani ya shimo la mabomba zinatosha kuharibu hesabu ya mstari mzima. Kwa hiyo nilipita na tochi shimo zima la mstari F. Kihami kilikuwepo chote.

Ukishapata joto linalopotea, mtiririko unapatikana kwa mgawanyo mmoja, ambapo m ni mtiririko, P ni wati zinazopotea, dT ni nyuzi ambazo maji yanaruhusiwa kupoa, na 4186 ni jouli za kupasha kilo moja ya maji nyuzi moja:

```
m = P / (4186 × dT)
m = 3652 / (4186 × 5) = 0.174 kg/s ≈ 628 L/h
```

Nyuzi 5 hizo sikuzibuni. Kanuni ya Ujerumani, DVGW W 551, inataka mifumo mikubwa itoe maji ya nyuzi 60 na mzunguko usipoe zaidi ya nyuzi 5, yaani marejeo yasishuke chini ya 55. Mwongozo wa Uingereza, HSG274, unaridhika na marejeo ya 50 kwa majengo ya kawaida. Sababu ya zote mbili ni bakteria wa legionela, wanaozaliana vizuri kati ya nyuzi 20 na 45. Mimi nilishika 55.

Tazama sasa: jengo lilihitaji lita 628 kwa saa, na pampu mpya ilikuwa inasukuma 2,400. Karibu mara nne. Na bado mstari F ulikuwa unalalamika.

Hapa ndipo ule ukubwa wa milimita 22 unapoingia. Maji yanayotoka kwenye pampu yana njia sita za kuchagua, na yanagawanyika kulingana na ukinzani wa kila njia. Mstari wa mbali una ukinzani wa bomba lake la kushuka pamoja na bomba kuu lote la kurudi nalo. Bomba la kushuka likiwa jembamba na bomba kuu likiwa pana, sehemu kubwa ya ukinzani iko ndani ya mstari wenyewe, na kwa kuwa mistari inafanana, maji yanagawanyika karibu sawa hata usipogusa vali yoyote. Lakini bomba la kushuka likilingana na bomba kuu, ukinzani mkubwa unahamia kwenye bomba kuu, ambako maji ya mistari yote yanabanana. Mstari A hauupitii msongamano huo, ila ile mita 8 ya mwisho. Mstari F unaupitia wote.

Nilikokotoa mgawanyo huo kuanzia F kurudi A, vali zote zikiwa wazi. Kwa kila kizio kimoja cha maji kinachopita F, A inapitisha vizio vinane. Katika lita 2,400, A inachukua karibu 1,000 na F inapata 120. Fundi aliyechagua bomba pana kwa mistari yote alidhani anaipa nafasi. Kwa kweli aliifungulia A mlango mkubwa.

Hesabu hiyo inatabiri joto pia. Maji lita 120 kwa saa yanayofika chini ya mstari F yakiwa na nyuzi 58 na nusu, yakipoteza wati 432 kwenda juu na kurudi, yatashuka nyuzi 3 na kufika chini yakiwa na 55 na kidogo. A itarudi na 59 na nusu. Kwa maneno mengine, kwa nguvu ya pampu ile kubwa, mstari F ulipaswa kuwa mzima. Umenyimwa, lakini sahani yenyewe imekuwa kubwa kiasi kwamba hata makombo yanautosha.

Ndipo nikafungua kumbukumbu. Saa tisa usiku, wakati hakuna anayetumia maji, F ilisoma 55.2. Hesabu ilikuwa sahihi kiasi cha kunishangaza. Lakini kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mstari wake ulishuka, hadi saa moja na nusu ulikuwa nyuzi 47. Ulipanda tena mchana, ukashuka jioni. Mistari mingine mitano haikufanya hivyo. Ilisimama palepale au ilipanda kidogo.

Fikiria maana yake. Watu wakifungua maji ya moto, maji yanapanda kwa kasi zaidi kwenye bomba la kwenda, yanapata muda mfupi wa kupoa, na mstari unapata joto zaidi. Matumizi huupasha mstari. Mstari unaopoa wakati wa matumizi haukosi mtiririko, unaingiziwa maji ya baridi. Na hakuna pampu itakayoponya hilo. Kwa hiyo jengo lilikuwa na magonjwa mawili: mgawanyo mbaya, ambao pampu kubwa ilikuwa imeufunika, na maji ya baridi, ambayo pampu haikuyagusa. Ndiyo maana malalamiko yalipungua bila kwisha.

Maji ya baridi huingia kwenye bomba la moto kupitia miksa. Ndani ya miksa ya bafu, baridi na moto hukutana, na kinachozuia moja lisiingie kwa lingine ni vali ndogo za mwelekeo mmoja, au kufungwa kwa miksa yenyewe. Mtu akifunga maji kwenye kitufe cha kichwa cha bafu la mkono na kuacha miksa wazi, na vali zile zikiwa zimechoka, pande mbili zimeungana. Usiku, presha za pande zote zikiwa sawa, hakuna kinachosogea. Asubuhi majirani wanapofungua maji ya moto, presha ya upande wa moto inashuka, kwa sababu maji yake yamepita tangi na njia ndefu. Upande wa baridi unasukuma ndani. Huyo ndiye anayekula joto la mstari F.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi na halihitaji kifaa. Nilifunga vali ya kwenda na vali ya marejeo ya mstari F kule chini, kisha nikafungua bomba la moto kwenye sinki la ghorofa ya chini kabisa ya mstari ule. Maji yalipaswa kutoka kwa muda, yaishe yaliyomo kwenye bomba, kisha yakome. Hayakukoma. Yalipungua hadi uzi mwembamba, yakageuka baridi, na yakaendelea. Niliyakinga kwenye chombo: karibu nusu lita kwa dakika. Ukichukua mtiririko wa lita 120 kwa saa wenye nyuzi 55 na kuuingizia lita 30 hivi za nyuzi 20, unapata mchanganyiko usio mbali na 47 tuliyoiona. Sikutaka uthibitisho zaidi ya huo.

Kumtafuta mhusika kulichukua asubuhi nzima. Tulifunga vali za vyumba moja moja, ghorofa baada ya ghorofa, tukiangalia ule uzi wa maji kule chini. Ulikatika tulipofunga chumba kimoja cha ghorofa ya saba: bafu la mkono lenye kitufe, miksa wazi, vali mbili ndogo zikiwa zimejaa chokaa hadi hazifungi. Mwenyewe alishangaa, kwa sababu kwake maji hayakuwa na tatizo kubwa kuliko kwa wengine. Vali zilibadilishwa, kitufe kikaondolewa.

Ningeweza kuishia pale. Malalamiko yangekwisha. Lakini ile elbo iliyotoboka ilikuwa bado mezani. Nilikuwa nimeiomba, na nilipoipasua kwa urefu ndani yake kulikuwa na vishimo vyenye umbo la kwato ya farasi, vinang'aa, havina tabaka la kijani wala la kahawia. Hiyo ni alama ya mmomonyoko wa kasi, tofauti na kutu ya kawaida. Lita 2,400 kwa saa katika bomba la milimita 22 ni mita 2 kwa sekunde. Kwa maji ya nyuzi 60 katika shaba, mimi sipendi marejeo yapite mita 0.7 kwa sekunde, na hata wanaoruhusu zaidi hawafiki 2. Maji ya mzunguko hayapumziki: yanapita usiku na mchana, mwaka mzima, kwa kasi ileile na kwenye kona ileile. Elbo iliyofuata ilikuwa inasubiri zamu yake.

Basi pampu ilipaswa kushuka, na ikishuka, mgawanyo mbaya uliofunikwa utafunuka. Ukiirudisha pampu ndogo bila kugusa vali, F inapata kama lita 60 na kurudi na nyuzi 51. Hiyo ndiyo hali jengo lililokuwa nayo mwanzoni kabisa, kabla ya mtu yeyote kuita fundi. Kusawazisha hakukwepeki.

Swali la kusawazisha ni hili: kila mstari upate kiasi gani? Jibu la haraka ni kugawa sawa, 628 kwa sita, lita 105 kila mmoja. Mistari inafanana, kwa nini isipate sawa? Kwa sababu haipokei maji ya joto sawa. Maji ya A yanafika yakiwa karibu 60. Maji ya F yametembea mita 45 zaidi, na kila hatua yanakuwa machache zaidi kwa sababu mistari mingine imeshachukua chake, hivyo yanapoa haraka zaidi. Ukigawa sawa, A inarudi na nyuzi 56 na F inarudi na 54.

Njia sahihi ni kusimama kwenye kila njiapanda na kugawa maji kwa uwiano wa joto linalopotea kila upande. Njiapanda ya A: mstari A unapoteza wati 432, na kila kitu kilichoko mbele yake, mistari mitano pamoja na mabomba yake makuu, kinapoteza 3,060. A basi inachukua sehemu 432 kati ya 3,492 za maji yote, yaani lita 78. Zilizobaki 550 zinafika njiapanda ya B, na unagawa tena hivyohivyo. Ukifika mwisho, F inapata 164. Mstari uleule, urefu uleule, unahitaji maji zaidi ya mara mbili ya A. Ukigawa hivi, maji yanayokutana kwenye kila njiapanda ya marejeo yanakuwa na joto sawa, na hiyo ndiyo ishara kwamba hakuna mstari unaomlisha mwenzake.

Lita 78 kwa saa ni kidogo mno kwa vali yoyote kushika kwa uhakika, kwa hiyo nilipandisha vyote kwa robo. A lita 100, B 105, C 110, D 125, E 145, F 205. Jumla 790. Kasi kwenye bomba kuu ikawa karibu mita 0.7 kwa sekunde, mwisho wa ninachokubali.

Kuhusu nguvu ya pampu, kuna kosa moja linalozaa pampu kubwa kuliko mengine yote: kudhani kwamba jengo la mita 27 linahitaji pampu inayoweza kuinua maji mita 27. Mzunguko umefungwa. Uzito wa maji yanayopanda unafidiwa na uzito wa yanayoshuka. Pampu inapambana na msuguano peke yake, na msuguano wa njia ngumu zaidi tu, ile ya F. Mabomba ya kwenda ni mapana kwa sababu yamepimwa kwa matumizi ya asubuhi. Kwa lita 790 msuguano wake hauonekani. Bomba la marejeo la njia ya F, pamoja na kona zake, nilipata kilopaskali 12. Vali za mwelekeo mmoja 3. Vali ya kusawazisha ya F yenyewe, ikiwa karibu wazi, nyingine 3. Jumla 18, sawa na mita 1.8 za maji. Pampu ya kutoa lita 800 kwa saa kwa mita 1.8 unaishika kwa mkono mmoja. Ile ya kwanza, iliyong'olewa na kutupwa stoo, ilikuwa na uwezo huo hasa. Tuliifuta vumbi na kuirudisha.

Kilichobaki ni vali. Kwenye marejeo kulikuwa na vali za tufe, zile za mpini wa robo mzunguko, ambazo ni za kufunga na kufungua tu. Ukubwa wa upenyo wa vali hupimwa kwa Kv, yaani mita za ujazo kwa saa zinazopita vali ikiwa na tofauti ya presha ya bari moja:

```
Kv = Q / √dp        (Q: m3/h, dp: bar)
A:  0.100 / √0.114 = 0.30
F:  0.205 / √0.030 = 1.18
```

A iko karibu na pampu, kwa hiyo vali yake lazima imeze presha yote ambayo F inaitumia njiani, na wakati huohuo ipitishe nusu ya maji ya F. Inabidi ibane mara nne zaidi. Kv ya 0.3 kwa vali ya tufe ni mpini uliosukumwa hadi karibu kufunga, na mpini ukisogea unywele mmoja tu unabadilisha kila kitu. Tuliweka vali za kusawazisha zenye namba kwenye kichwa.

Kuna vali zinazojirekebisha kwa joto, na wengi wangechagua hizo. Nami nazipenda, lakini zina tabia moja: maji ya baridi yakiingia mstari mmoja, vali yake inadhani mstari unakosa maji, inafunguka yote na kunyang'anya wengine. Zingewekwa jengoni kabla ya ile miksa kupatikana, mistari yote sita ingeyumba kila asubuhi na tungetafuta kosa kila mahali isipokuwa bafuni. Hapa mabomba hayabadiliki na matumizi hayagusi mgawanyo wa usiku, kwa hiyo niliona vali za kawaida zinatosha.

Tuliweka namba zilizotoka kwenye hesabu, kisha tukarekebisha kwa joto, si kwa mtiririko, kwa sababu vyombo vya kupima presha kwenye vali havisomi vizuri kwa lita 100 kwa saa. Kazi ilianza saa tano usiku. Mabomba ya mstari mmoja yana lita 23 hivi za maji, na kwa lita 100 kwa saa yanahitaji karibu robo saa kubadilika yote. Shaba na kihami vinachelewa zaidi. Tulisubiri saa moja na nusu kati ya mzunguko mmoja wa marekebisho na mwingine. Fundi asiye na subira hugusa vali kila dakika kumi na kufukuza joto la dakika zilizopita. Na tulibana tu mistari iliyozidi joto. Ukifungua iliyopoa, pampu inapoteza presha na mistari mingine inasogea, unaanza upya.

```
Mstari        A     B     C     D     E     F
Kabla       59.5  59.2  58.6  57.3  55.9  55.2
Saa 6:30    57.8  56.9  56.5  55.6  55.3  55.0
Saa 9:30    56.4  56.1  56.3  56.0  56.5  56.6
```

Safu ya kwanza ni ya pampu kubwa, zilizobaki ni za ile ndogo. Marejeo ya pamoja sasa yalisoma 56, chini kuliko 58 na nusu ya mwanzo, na msimamizi wa jengo alipoona hivyo akauliza kama tumeharibu kitu. Ilibidi nimwonyeshe F. Kwa lita 790 na mshuko wa nyuzi 4, joto linalopotea ni wati 3,670, tofauti ndogo sana na zile 3,652 za makaratasi. Na pampu kubwa nisingeweza kuthibitisha hilo: mshuko wa nyuzi moja na ushee, huku kipimajoto kikikosea nusu nyuzi, hauthibitishi chochote.

Tuliacha kipimajoto kwenye kila marejeo, vyote sita, na daftari la kusoma mara moja kwa mwezi. Mwezi wa nne simu ikalia tena. Safari hii aliyepoa alikuwa A, jirani wa tangi, nyuzi 49. Vali yake ndiyo iliyobanwa kuliko zote, na chembe za shaba na chokaa zilizobaki kutoka enzi za pampu kubwa zilikuwa zimeziba ule upenyo. Tuliifungua yote kwa dakika mbili ili ijisafishe, tukairudisha kwenye namba yake, na wiki iliyofuata tukaweka vichujio kabla ya kila vali.